Gredi ya Chini, au Hakuna Gredi: Namna ya Kuandika Barua Yenye Ushahidi

Kila Januari, matokeo ya KCSE yanapotoka, na tena kila vyuo vinapotangaza nafasi, barua za aina moja huanza kufika katika vyuo vya ufundi na katika kamati za basari za wadi. Nyingi huanza hivi: "Naomba mnifikirie ingawa sikufanya vizuri katika mtihani. Mimi ni mtu mwenye bidii, ninatoka katika familia maskini, na nikipewa nafasi sitawaangusha."

Mwandishi wa barua hiyo huenda anasema kweli tupu. Tatizo ni kwamba anayeisoma hana la kufanya nayo. Bidii haionekani kwenye karatasi, na ahadi haipimiki. Ana mafaili mengine mengi mezani, na katika kila moja kuna mtu anayesema ana bidii. Barua inayomsaidia ni ile inayompa kitu anachoweza kukithibitisha mwenyewe: cheti chenye nambari, kazi inayoweza kutazamwa, au mtu anayeweza kupigiwa simu.

Makala haya yanaeleza namna ya kuiandika barua hiyo. Yamewalenga wakazi wa Meru na majirani zetu wa Embu wanaotaka kujiunga na kozi za ufundi lakini wana gredi ya chini, wana pengo katika somo moja, au hawana matokeo kabisa.

Kwanza, tafuta neno "au" katika tangazo

Kabla ya kuandika chochote, lisome tangazo la kozi hadi mwisho. Kuna masharti ambayo barua haiwezi kuyasogeza. Kujiunga na shahada kupitia KCSE kunahitaji gredi ya wastani ya C+. Diploma katika vyuo vya ufundi inahitaji C-. Kozi ya ngazi ya cheti, inayojulikana kama krafti, inahitaji D. Kozi ya atizani, ambayo ndiyo ngazi ya chini ya ufundi, inampokea hata aliyepata E. Mwenye D+ akiandika barua ya kuomba diploma moja kwa moja kwa kutumia matokeo hayo ya KCSE, atajibiwa hapana hata barua iwe nzuri namna gani. Mkuu wa chuo hana mamlaka ya kuibadilisha gredi.

Hata hivyo, matangazo mengi ya kozi za krafti hayaishii kwenye gredi. Husema, kwa mfano: "Gredi ya wastani ya D katika KCSE, na angalau D- katika Hisabati au Fizikia; au cheti cha atizani katika fani hiyo; au sifa nyingine inayolingana itakayokubaliwa na chuo." Mlango wako uko katika hilo neno "au". Linampa mkuu wa idara ruhusa ya kutazama kitu kingine zaidi ya gredi, naye hataitumia ruhusa hiyo mpaka umwonyeshe cha kutazama.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, tangazo hili lina "au"? Kama linayo, andika barua. Kama halina, tafuta kozi ya ngazi inayokupokea, uanzie hapo, kisha upande. Mwenye cheti cha atizani huweza kuingia krafti, na mwenye krafti huweza kuingia diploma. Njia hiyo ni ndefu kuliko ya mwenye C-, lakini ni njia rasmi na haimlazimu mtu kumwomba yeyote huruma.

Ushahidi ujibu swali lililoulizwa na mtihani

Waombaji wengi hukosea hapa. Mtu mwenye E ya Hisabati huambatisha barua ya kanisa inayosema ni mwaminifu, barua ya chifu inayosema ni mkazi mwema, na cheti cha kushiriki mashindano ya riadha. Yote ni ya kweli, ila hakuna hata moja inayolijibu swali lililo kichwani mwa msomaji.

Chuo kinapodai D- ya Hisabati kwa kozi ya kuchomelea vyuma, hakihitaji mtu anayekumbuka kila kanuni ya Kidato cha Nne. Kinataka kujua kama mtu huyu ataweza kupima, kukata, kukadiria vifaa na kusoma mchoro bila kupoteza mali ya chuo. Hilo ndilo swali. Ushahidi wako lazima ujibu hilo na si lingine.

Basi chukua karatasi na uandike gredi inayokuangusha. Chini yake andika hofu ambayo gredi hiyo inamtia msomaji. E ya Hisabati inamfanya ajiulize kama utaweza kupiga hesabu za kazi. D- ya Kiingereza, kama kozi hufundishwa kwa Kiingereza, inamfanya ajiulize kama utaelewa maelekezo na kuandika ripoti. Kutokuwa na KCSE kabisa kunamfanya ajiulize kama ulikuwa na uwezo ukakosa nafasi, au ulishindwa. Kisha, mbele ya kila hofu, andika kitu kimoja ulicho nacho kinachoiondoa. Ukikosa cha kuandika mbele ya hofu fulani, umejua unachopaswa kwenda kukitafuta kabla ya kutuma barua.

Mfano: mchomeleaji wa Makutano

Tuchukue mfano. Huyu si mtu fulani. Tumemtunga ili tuweze kuonyesha hatua zote. Ni mwanamke wa miaka 26. Alifanya KCSE mwaka 2017 akapata D ya wastani na E ya Hisabati. Tangu mwaka uliofuata amekuwa akifanya kazi katika karakana ya juakali pale Makutano, mjini Meru, akichomelea mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Anataka kusomea krafti ya uchomeleaji na utengenezaji wa vyuma, na tangazo la chuo ni kama lile tulilolitaja hapo juu. Wastani wa D anao. Kinachomzuia ni D- ya Hisabati au Fizikia, kwa sababu Fizikia hakuisoma.

Ana vitu vinne vya kuonyesha. Cha kwanza na kizito zaidi ni cheti cha jaribio la ufundi kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Majaribio haya yana ngazi tatu: Gredi ya Tatu ndiyo ya kuanzia, kisha Gredi ya Pili, na Gredi ya Kwanza ndiyo ya juu. Mtahiniwa hufanya kazi ya mikono mbele ya mtahini na pia hujibu maswali ya nadharia ya fani yake. Mchomeleaji wetu amefaulu Gredi ya Pili. Cheti hiki kina uzito kwa sababu hakikutolewa na mwajiri wake, jamaa yake wala yeye mwenyewe. Kimetolewa na chombo cha serikali ambacho chuo kinaweza kukiuliza kama cheti ni halali.

Cha pili ni ukurasa mmoja wa hesabu za kazi aliyoifanya. Waombaji wengi hawafikirii kabisa kuambatisha kitu kama hiki, ilhali ndicho kinachoijibu ile E ya Hisabati moja kwa moja. Tuuone ukurasa wenyewe.

Mteja alitaka geti la milango miwili. Nafasi ilikuwa na upana wa mita 3.6 na urefu wa kwenda juu wa mita 2.1. Kila mlango basi una upana wa mita 1.8. Fremu ya kila mlango inahitaji vipande viwili vya mita 2.1 vya kusimama na viwili vya mita 1.8 vya kulala, na fundi ameongeza kipande kimoja cha kulala katikati. Kwa milango yote miwili anahitaji vipande 4 vya mita 2.1 na vipande 6 vya mita 1.8. Jumla ni mita 19.2.

Tyubu za mraba huuzwa zikiwa na urefu wa mita 6. Ukigawanya 19.2 kwa 6 unapata 3.2, kwa hiyo utanunua tyubu 4. Mpaka hapo hata anayeanza kazi angefika. Fundi anajulikana kwa namna anavyozikata. Mtu asiye makini ataona kwamba 2.1 na 2.1 na 1.8 ni mita 6 kamili, aseme hakuna kinachobaki, na aanze kukata. Anasahau kwamba diski ya grainda hula milimita kadhaa kila inapopita. Kipande chake cha mwisho kitatoka kifupi, na mlango utapinda. Mchomeleaji wetu ameandika mpango mwingine: tyubu tatu za kwanza, kila moja itoe kipande kimoja cha mita 2.1 na viwili vya mita 1.8, yaani mita 5.7, huku sentimita 30 zikibaki kufidia kinacholiwa na diski. Kutoka tyubu ya nne atakata kipande kimoja tu cha mita 2.1, na mita 3.9 zitabaki zikiwa kipande kirefu kinachofaa kazi nyingine.

Mwisho wa ukurasa ameandika alivyohakikisha kwamba fremu iko mraba. Alipima kila mlango kutoka kona hadi kona, pande zote mbili, na vipimo vyote viwili vikawa karibu mita 2.77. Mkuu wa idara akiusoma mstari huo atachukua kikokotoo: 1.8 mara 1.8 ni 3.24, 2.1 mara 2.1 ni 4.41, jumla ni 7.65, na kipeo chake cha pili ni karibu 2.77. Hiyo ni kanuni ya Pithagora, ile ile iliyo katika silabasi ya Hisabati ya shule ya upili. Mwombaji aliyepata E huenda hakuitambua kwenye karatasi ya mtihani, lakini anaitumia kila wiki. Ukurasa huu mmoja umelijibu swali la chuo kuliko barua kumi za sifa.

Cha tatu ni barua ya mwenye karakana. Haisemi kwamba yeye ni mwema na mtiifu. Inasema amefanya kazi hapo tangu mwezi gani wa mwaka gani, kwamba kwa miaka miwili iliyopita ndiye anayepima na kukadiria vifaa vya mageti, na kwamba mwenye karakana hununua vyuma kwa kufuata hesabu zake. Inataja nambari ya simu.

Cha nne ni picha tatu za kazi, kila moja ikiwa na tarehe na mahali, pamoja na simu ya mteja mmoja aliyekubali kupigiwa. Kukubali huko ni lazima. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za watu, na nambari ya mteja haipaswi kusambazwa bila idhini yake.

Barua yenyewe

Barua isizidi ukurasa mmoja. Ina sehemu nne, na mpangilio wake una sababu. Taja gredi mapema, kwa sentensi moja, bila kuificha, kwa maana msomaji ataiona tu kwenye nakala ya cheti, na akiiona kabla hujaitaja atadhani ulitaka ampite nayo. Toa sababu kwa sentensi moja au mbili, ukiwa na hati ya kuithibitisha. Kisha utumie sehemu kubwa ya barua kwa ushahidi. Malizia kwa kusema pengo lililobaki na utakavyoliziba.

Barua ya mchomeleaji wetu ingekuwa hivi:

"Kwa Mkuu wa Chuo,

KUH: MAOMBI YA KOZI YA KRAFTI YA UCHOMELEAJI

Ninaomba nafasi katika kozi iliyotajwa. Katika KCSE ya mwaka 2017 nilipata gredi ya wastani ya D na gredi ya E katika Hisabati, hivyo sikufikia D- inayohitajika katika somo hilo. Fizikia sikuisoma. Ninaomba nipimwe chini ya kifungu cha tangazo lenu kinachoruhusu sifa nyingine inayolingana.

Katika muhula wa pili wa Kidato cha Nne nilikosa masomo kwa wiki saba nikimuuguza mama. Barua ya shule inayoonyesha mahudhurio yangu imeambatishwa.

Tangu mwaka 2018 nimefanya kazi ya uchomeleaji. Nimefaulu jaribio la NITA la Gredi ya Pili. Nakala ya cheti imeambatishwa. Kwa kuwa shaka inaweza kuwa juu ya hesabu, nimeambatisha ukurasa wa vipimo na mpango wa kukata vyuma vya geti nililolitengeneza mwenyewe. Mwenye karakana ameandika kuthibitisha kwamba makadirio ya vifaa ni kazi yangu. Niko tayari kupewa mchoro wowote na kuukadiria mbele ya mkuu wa idara.

Sijazoea hesabu za vipimo vya pembe zinazotumika katika michoro ya mabomba. Nimeanza kujifunza jioni, na nitahitaji msaada katika sehemu hiyo muhula wa kwanza.

Wako mwaminifu,"

Angalia sentensi ya mwisho ya aya ya ushahidi. Mwombaji amejitolea kupimwa. Mwenye ushahidi wa uongo hathubutu kuandika hivyo, na mkuu wa idara anajua. Angalia pia aya ya mwisho. Kukiri pengo moja dogo na la kweli kunafanya yale mengine yaaminike zaidi, na kunamwambia mwalimu pa kuanzia.

Sababu ya gredi: fupi na yenye hati

Wengi hutumia ukurasa mzima kueleza kwa nini walifeli. Maelezo hayo, hata yakiwa ya kusikitisha, yanathibitisha jambo moja tu, kwamba kulikuwa na shida. Hayathibitishi uwezo. Ndiyo maana sababu inastahili sentensi mbili, na ushahidi unastahili ukurasa uliobaki.

Hati ya kuthibitisha sababu hutegemea sababu yenyewe. Ugonjwa huthibitishwa na karatasi ya kutoka hospitalini yenye tarehe. Kukosa shule kwa ajili ya karo huthibitishwa na barua ya shule yenye rekodi ya mahudhurio. Ukiwa huna hati, taja sababu mara moja na uendelee, usiipake rangi.

Kuna sababu moja inayotajwa sana na waliofanya mtihani mwaka 2016 na 2017, kwamba mtihani wa miaka hiyo ulikuwa mgumu. Ni kweli gredi za juu zilishuka ghafla baada ya usimamizi kukazwa. Nchi nzima ilikuwa na gredi za A zaidi ya 2,600 mwaka 2015, zikabaki 141 mwaka 2016 na 142 mwaka 2017. Lakini kila mwenzako wa mwaka huo alikalia mtihani huo huo, na chuo kinajua. Jambo hilo litakusaidia iwapo tu unaweza kuonyesha ulisimama wapi miongoni mwa wenzako. Kama shule yako inaweza kuandika kwamba ulikuwa wa 6 kati ya watahiniwa 88, D+ yako inasomeka tofauti. Bila hilo, liache.

Kama matokeo hayapo kabisa

"Sina matokeo" inaweza kumaanisha mambo manne tofauti, na kila moja lina dawa yake. Barua ikiyachanganya humfanya msomaji adhani kuna jambo linafichwa.

La kwanza ni cheti kilichopotea. Hapo huna haja ya kueleza uwezo. Matokeo yapo kwa Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC. Maombi ya kuthibitishiwa matokeo au kupewa cheti mbadala hupelekwa kupitia mtandao wake wa QMIS. Kwa cheti kilichopotea andaa ripoti ya polisi, hati ya kiapo na barua ya shule.

La pili ni cheti kilichoshikiliwa shuleni kwa sababu ya deni la karo. Wizara ya Elimu imewaambia wakuu wa shule mara nyingi kwamba hawaruhusiwi kushikilia vyeti, na mzazi anaweza kulipeleka jambo hilo katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Unapongoja, KNEC inaweza kuthibitisha matokeo yako moja kwa moja kwa chuo.

La tatu ni alama ya X au Y kwenye hati ya matokeo. X humaanisha mtahiniwa hakuufanya mtihani. Y humaanisha matokeo yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu. Mwenye X aeleze na kuthibitisha kilichomzuia siku hiyo. Mwenye Y asijaribu kuiita X, kwa kuwa tofauti hiyo iko kwenye rekodi. Njia iliyo wazi kwake ni kujisajili tena kama mtahiniwa wa kibinafsi, au kuanzia kwenye kozi na majaribio yasiyodai KCSE.

La nne ni yule ambaye hakuwahi kuukalia mtihani, labda aliachia Kidato cha Pili akaenda kazini. Huyu barua pekee haitamtosha, ila kuna utaratibu uliotengenezwa kwa ajili yake. Mwaka 2024 serikali ya kitaifa ilizindua sera ya Utambuzi wa Ujuzi wa Awali, inayofahamika kwa kifupi kama RPL, chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, KNQA. Mwombaji hupewa kwanza ushauri kuhusu ngazi inayomfaa. Kisha hujipima mwenyewe dhidi ya viwango vya fani yake, hukusanya faili ya ushahidi, na hupimwa na wataalamu kwa mahojiano na kwa kazi ya mikono. Akifaulu hupewa cheti. Akikosa sehemu, huambiwa ni sehemu gani ili akaisomee hiyo tu.

Faili la RPL hukusanywa kwa kufuata kanuni ile ile ya mchomeleaji wetu: kila kipande kijibu swali moja la kiwango. Picha ya geti haitoshi. Inahitaji vipimo vyake, tarehe, na mtu anayeweza kusema nani alilitengeneza.

Makosa yanayoharibu faili

Wasomaji wa mafaili haya huyatambua makosa fulani haraka. Barua tatu za mapendekezo zenye maneno yale yale zinaonyesha mtu mmoja ndiye aliyeziandika zote. Ukimwomba mwenye karakana barua, usimpelekee maneno. Mpelekee maswali matatu: nimefanya kazi hapa tangu lini, ninaaminiwa na kazi gani bila kusimamiwa, na nilikosea wapi nikajirekebisha.

Picha za kazi ya mtu mwingine hugunduliwa kwa swali moja la mahojiano: "Hapa kwenye bawaba, uliweka chuma cha unene gani, na kwa nini?" Aliyelitengeneza hujibu papo hapo. Asiyelitengeneza hutazama chini.

Kosa kubwa kuliko yote ni cheti cha kughushi. KNEC na NITA wana rekodi, na chuo kikiuliza, jibu huja. Kughushi ni kosa la jinai, na mwenye gredi ya chini aliyekuwa na njia tatu za halali anabaki hana hata moja.

Kosa la mwisho ni la haraka: kutuma vyeti halisi. Tuma nakala zilizoidhinishwa, na vyeti halisi vibaki nyumbani mpaka siku ya mahojiano.

Mipaka ya barua hii

Tuseme wazi kile ambacho barua haiwezi. Haibadilishi E kuwa D. Cheti cha RPL kinatambua ujuzi wa fani, si mbadala wa KCSE kwa kila jambo. Kozi zinazosimamiwa na mabodi ya taaluma, kama uuguzi, zina masharti ya masomo ambayo chuo hakiwezi kuyalegeza, hata mkuu wake akitaka. Na hata pale ambapo tangazo lina "au", uamuzi ni wa chuo. Ukikataliwa, uliza kwa adabu ni kipande gani cha ushahidi kilichokosekana, na ukiandike, kwa sababu hicho ndicho cha kuleta awamu inayofuata.

Vyuo vya mafunzo ya ufundi vilivyo katika wadi zetu viko chini ya serikali za kaunti, na meneja wa chuo kilicho karibu nawe anaweza kukuambia kozi ipi inapokea gredi ipi na namna ya kujisajili kwa jaribio la NITA. Nenda naye akiwa na faida ya kukusaidia haraka: beba hati yako ya matokeo, kitambulisho, na ile karatasi yenye gredi upande mmoja na ushahidi upande wa pili. Hata ikiwa upande wa pili una mistari miwili tu, mazungumzo yataanzia hapo.